Barua pepe uliyotuma ofisini Kasulu haionekani kwenye simu ukiwa Kibondo? Shida iko hapa

Chukulia mhasibu wa asasi yenye ofisi Kasulu mjini. Asubuhi anatuma profoma kwa kompyuta ya ofisini, kisha anapanda gari kwenda Kibondo. Mchana msambazaji anapiga simu: "Nirushie tena ile." Anafungua barua pepe kwenye simu, folda ya Sent ni tupu. Profoma imebaki ndani ya kompyuta iliyozimwa Kasulu.

Mara nyingi chanzo ni POP3. Huo ni utaratibu wa zamani ambao kompyuta inashusha barua kutoka kwenye seva na kuzitunza yenyewe, na ikiwekwa vibaya inazifuta kule zilikotoka. Barua zilizotumwa nazo hukaa kwenye mashine hiyo hiyo. IMAP inafanya tofauti: barua na folda zote zinakaa kwenye seva, na simu na kompyuta zinachungulia sehemu moja. Ukifungua folda mpya Kasulu, ipo pia kwenye simu Kibondo. Ila ukifuta barua kwenye simu, imefutika kila mahali.

Kwa anwani ya ofisi yenye jina lake lenyewe, ongeza akaunti kwenye vifaa vyote viwili, chagua IMAP, kisha jaza hivi. Jina la seva utapewa na aliyewauzia huduma, lakini kwa kawaida linafanana na hili:

```
IMAP  mail.jinalaasasi.or.tz  993  SSL/TLS
SMTP  mail.jinalaasasi.or.tz  465  SSL/TLS
```

Sehemu ya jina la mtumiaji andika anwani nzima, siyo kipande cha kabla ya @. Hapo wengi hukwama na kudhani nenosiri limekosewa.

Sasa inakuja sehemu inayowachanganya watu hata baada ya kuweka IMAP. IMAP haitumi barua. Anayetuma ni SMTP, na kwenye seva nyingi SMTP ikishatuma haibakizi nakala. Programu yako ndiyo inayopandisha nakala kwenye folda ya Sent, kama kazi ya pili. Simu ikiweka kwenye Sent na kompyuta ikiweka kwenye Sent Items, utakuwa na folda mbili na kila moja ina nusu ya barua zako.

Dawa ni kuzielekeza sehemu moja. Kwenye Thunderbird ya kompyuta, fungua Account Settings, halafu Copies & Folders, na uchague Sent iliyo chini ya akaunti yako, siyo ile ya Local Folders. Kwenye simu ya Android yenye Thunderbird au K-9 Mail, ingia mipangilio ya akaunti, sehemu ya Folders, uchague Sent hiyo hiyo. Jipime: tuma barua kwa simu, kisha fungua Sent kwenye kompyuta. Ikionekana, umemaliza. Wa Gmail wasihangaike na hili, maana seva ya Gmail inatunza nakala yenyewe.

Mtandao ukiyumba njiani, kazi ya kwanza inaweza kufanikiwa na ya pili ikagoma. Barua imefika kwa mlengwa, lakini Sent haina kitu. Thunderbird ya kompyuta itakuambia imetuma ila imeshindwa kuweka nakala. Bonyeza Retry mtandao ukirudi. Ukikubali kuihifadhi kwenye Local Folders, umerudi kule kule kwa POP3. Na usiitume upya kwa hofu, mwenzako atapata mbili.

Vipi barua za miaka ya nyuma zilizoko kwenye kompyuta ya POP3? Usiifute akaunti hiyo kwanza. Iwekee alama ya Leave messages on server, zima ukaguzi wake wa barua mpya, kisha ongeza anwani hiyo hiyo kama IMAP pembeni yake. Chagua barua za zamani na uzinakili kwenda kwenye folda za IMAP, mia chache kwa wakati, maana zinapanda kwa bando lako. Ukiruka hatua ya kwanza, POP3 inaweza kuzishusha tena na kuzifuta kwenye seva huku wewe ukiendelea kupandisha.

Kabla ya kuanza, uliza sanduku lako lina nafasi kiasi gani kwenye seva. Likijaa, hata barua mpya zitarudishwa kwa waliozituma. Ukimaliza, ingia kwa kivinjari kwenye ukurasa wa barua wa seva yenu uhesabu. Zikiwa zote zipo pale, ndipo uiondoe akaunti ya POP3.