Uchangishaji wa filamu fupi ya katuni za mkono (Kisumu)

Uchangishaji huu ni harambee ya mtandaoni ambamo mchangiaji hupewa zawadi kulingana na alichotoa. Kickstarter haipokei miradi ya wakazi wa Kenya, kwa hiyo mchoraji wa Kisumu hutumia majukwaa kama M-Changa, ambayo hupokea michango kwa M-Pesa.

Tuseme filamu ni ya dakika 4, juu ya Nyamgondho, tajiri wa ngano za Waluo ambaye mifugo yake ilimfuata mkewe ziwani. Michoro 12 kwa sekunde ni michoro 2,880, na hapo ndipo ilipo zawadi bora: karatasi hizo zipo tayari. Anayetoa shilingi 500 huandikwa jina mwishoni mwa filamu. Wa 2,500 hupata mchoro halisi uliotiwa sahihi. Mchoro hutolewa baada ya kuskaniwa, si kabla. Fulana na mabango ndiyo huzamisha wengi, kwani kuchapa na kutuma hula mchango wenyewe. Gharama ya kifurushi cha Homa Bay si ile ya Toronto, basi walio ng'ambo huwekewa ngazi yao.

Video ya kampeni isizidi sekunde 90. Sekunde 10 za mwanzo ni katuni iliyokamilika: ng'ombe wakiingia majini. Kisha mkono ukichora, mchoraji akitaja bajeti, na mwisho namba ya kuchangia, ibaki kwenye skrini hadi mtu amalize kuinakili.