Neno «Mfanyakazi»: kutoka jela ya mutoro mpaka siku 30 za Afrika ya Kusini



Katika mikutano ya wale waliorudi kutoka Johannesburg, Durban na Cape Town, kuko neno moja linalosikika kila mara: «Sikukuwa na haki, nilikuwa mugeni tu.» Mutu alifukuzwa kazi ile siku, hakupewa preavi, masaa ya nyongeza hayakulipwa, naye akafunga mizigo akaja nyumbani. Wengi wanafikiri sheria ya kule haikuwatazama. Kwa kweli iliwatazama, lakini haki ile ilikuja pole pole, kwa miaka karibu mia moja na nusu. Kama tunajua namna ilivyokuja, tunajua pia mahali inapoishia. Ndiyo sababu tumeandika historia hii.

Tuanze na preavi. Leo tunaiona kama kitu cha kumulinda mufanyakazi. Zamani kule haikuwa hivyo. Katika koloni la Cape mwaka 1856 waliweka sheria ya mabwana na watumishi. Mutumishi aliyeondoka kabla ya kontra kuisha hakuitwa mutu aliyevunja mapatano, aliitwa mutoro, na mutoro alihukumiwa mbele ya hakimu kama mwizi. Patroni aliyekosa mushahara alikuwa na deni tu. Mutumishi aliyekosa kazi alikuwa na kosa la jela. Sheria za namna ile zilienea katika majimbo mengine na hazikufutwa mpaka mwaka 1974.

Jambo la pili ni neno lenyewe «mfanyakazi». Mwaka 1922 kulikuwa mugomo mukubwa wa migodi ya Johannesburg, serikali ikatuma jeshi. Miaka miwili kisha, mwaka 1924, wakatunga sheria ya kupatanisha mapatroni na wafanyakazi. Lakini waliandika maana ya neno «mfanyakazi» kwa namna ya kuwaacha inje watu weusi waliobeba pasi. Hawakukatazwa kufanya kazi, kazi walifanya tena nzito kupita ya wengine. Walikatazwa kuitwa wafanyakazi mbele ya sheria. Ukikosa jina lile, hauna mahali pa kupeleka mashtaka.

Mugomo wa Durban wa mwaka 1973 na fujo za miaka iliyofuata zilitikisa mambo hayo. Mwaka 1979, kisha ripoti ya tume ya profesa Wiehahn, sheria ilianza kuwakubali watu weusi katika sindika zilizoandikishwa, na korti ya kazi ikapewa uwezo wa kuhukumu matendo yasiyo ya haki kazini. Tangu pale patroni hakuweza tena kusema tu: «Nimetoa preavi, basi yameisha.» Aliulizwa pia: sababu yako ni gani, na ulimusikiliza mutu kabla ya kumufukuza? Maulizo hayo mawili, sababu na kusikilizwa, ndiyo yaliingia katika sheria mpya ya mwaka 1995, iliyoanza kazi tarehe 11 mwezi wa 11 mwaka 1996. Siku ile ndipo ilifunguliwa pia tume inayoitwa CCMA, ya kusuluhisha mabishano ya kazi bila kulipa kitu na bila lazima ya avoka. Watumishi wa nyumbani na wa mashamba nao waliingizwa ndani.

Na mugeni je? Hapo ndipo inatuhusu sisi. Katiba ya mwaka 1996 inasema kwamba «kila mutu» ana haki ya kutendewa vema kazini; haikusema kila raia. Lakini sheria ya uhamiaji ya mwaka 2002 inakataza patroni kumuajiri mugeni asiye na ruhusa. Sasa mapatroni wakasema: kontra iliyokatazwa si kontra, basi huyu si mfanyakazi. Ilikuwa hila ile ile ya mwaka 1924, imevaa nguo mupya.

Jibu lilikuja mwezi wa 3 mwaka 2008, katika kesi ya Discovery Health na CCMA. Mutu mumoja wa Argentina alikuwa anafanya kazi ya kujibu simu. Mwanzo wa mwaka 2006 kampuni ilimuondoa kwa sababu ruhusa yake ya kazi haikuwa sawa kwa kazi ile. Akaenda CCMA. Kampuni ikasema CCMA haina uwezo juu yake. Hakimu wa Korti ya Kazi alikataa. Alisema sheria ya uhamiaji inamuazibu patroni anayeajiri, haisemi kwamba kontra ni bure. Kama tungesema ni bure, patroni mubaya angeajiri wageni wasio na karatasi, mwisho wa mwezi awafukuze bila kulipa, tena sheria imusaidie. Mugeni yule alikuwa mfanyakazi.

Lakini tusidanganyane, hukumu ile iko na mupaka. Haimupi mutu ruhusa ya kuendelea na kazi bila karatasi. Patroni anaweza kumaliza kazi kwa sababu ya karatasi kama amemuita mutu, amemusikiliza, na amemupa nafasi ya kuitengeneza pale inapowezekana. Na mutu asiye na ruhusa hawezi kutegemea kurudishwa kazini. Anachoweza kupata ni franga.

Tufanye hesabu ya mufano mumoja. Tuseme ndugu yetu aliingia kazi katika depo ya mbao tarehe 4 mwezi wa 3 mwaka 2019. Kontra inasema miezi 3 ya kujaribiwa, randi 25 kwa saa. Miezi 3 ikapita, patroni akasema kwa mudomo tu: «Bado ninakujaribu.» Alifanya masaa 10 kila siku kutoka siku ya kwanza mpaka ya tano, na masaa 5 siku ya posho: masaa 55 kwa juma. Kila juma alilipwa masaa 45. Mwezi wa 9 karatasi yake ya muomba hifadhi ikafika mwisho, mustari wa kuirefusha ulikuwa murefu. Tarehe 26 mwezi wa 10 patroni akamuambia: «Karatasi yako imekufa, na tena uko mu esé. Usirudi.»

Tutazame neno kwa neno. Esé kwanza. Sheria ya kule inasema kipindi cha kujaribu kiwe na kipimo cha haki kufuatana na kazi yenyewe. Kubeba na kupanga mbao haihitaji miezi 8 ili kujua kama mutu anaweza. Na hata mu esé, mwongozo wa wakati ule ulimulazimisha patroni kumuonyesha mutu makosa yake, kumufundisha, na kumusikiliza kabla ya kumuondoa. Tofauti ni hii tu: mu esé sababu ya patroni inaweza kuwa nyepesi kidogo. Mwaka 2025 mwongozo mupya ulichukua nafasi ya ule, basi anayefungua dosye leo aulizie maneno ya sasa.

Preavi sasa. Aliyefanya kazi miezi 6 ao chini yake anapata juma 1. Aliyepita miezi 6 lakini hajamaliza mwaka, majuma 2. Kuanzia mwaka 1, majuma 4. Mutumishi wa nyumbani ao wa shamba anapata majuma 4 tangu apite miezi 6. Preavi inaandikwa, isipokuwa mufanyakazi asiyejua kuandika ndiye anayeitoa. Ndugu yetu alifanya majuma 34, basi ni majuma 2: randi 1,125 mara 2, ni 2,250. Tuangalie tofauti na kwetu: sheria yetu ya kazi ya mwaka 2002 inahesabu siku 14 za kazi na kuongeza siku 7 kwa kila mwaka. Anayehesabu kwa kipimo cha Kongo kule atadai vibaya, na patroni atamucheka.

Masaa ya nyongeza. Masaa ya kawaida yasipite 45 kwa juma. Ya nyongeza yanafanyika kwa mapatano, yasipite 10, na kila saa inalipwa moja na nusu, isipokuwa kwa wenye mushahara mukubwa. Moja na nusu ya 25 ni 37.50, mara masaa 10 ni randi 375 kwa juma, mara majuma 34 ni 12,750. Pamoja na preavi tunafika randi 15,000. Hiyo ni deni, si zawadi.

Juu ya deni kuko malipo ya kufukuzwa bila haki. Hakuna aliyemuita ndugu yetu, hakuna aliyemusikiliza. CCMA inaweza kumupa mpaka mushahara wa miezi 12. Hiyo 12 ni kilele, si kipimo cha kila mutu. Akipewa miezi 3, ni kama majuma 13, randi 14,625.

Na haya yote yanaweza kupotea kwa kitu kimoja: siku. Mashtaka ya kufukuzwa yanaingia CCMA katika siku 30. Kwa ndugu yetu siku ya mwisho ni tarehe 25 mwezi wa 11. Anajaza karatasi LRA 7.11, anatuma kopi kwa patroni kwanza, anachunga ushuhuda kwamba aliituma, kisha anaipeleka CCMA. Kwanza wanajaribu kuwapatanisha. Ikishindikana anapewa cheti, na kutoka pale ana siku 90 za kuomba hukumu. Aliyechelewa anaweza kuomba asamehewe, lakini lazima aeleze kila juma la kuchelewa. Tangu mwaka 2019 CCMA inapokea pia madai ya mishahara na masaa yasiyolipwa; enspekta wa wizara ya kazi naye anaweza kuyafuata. Wengi wetu tulipoteza hapa: tulitumia mwezi muzima kumubembeleza patroni, halafu tukapanda basi.

Mahali pa kupata mashauri: biro za CCMA zenyewe, bila kulipa. Casual Workers Advice Office kule Germiston, kwa wafanyakazi wa vibarua na wa mikono ya mawakala. Lawyers for Human Rights, kwa wakimbizi na waomba hifadhi. Scalabrini Centre kule Cape Town, kwa wahamiaji. Legal Aid South Africa, kwa asiye na uwezo wa kulipa avoka. Mutu yeyote anayekuomba franga ili «akufungulie dosye» ya CCMA, ukimbie.

Wanamemba wenye watoto ao ndugu wanaojitayarisha kusafiri, muwaambie jambo moja. Daftari ndogo mufukoni: kila siku saa ya kuingia, saa ya kutoka, franga iliyopokelewa, na jina la aliyekuwa pamoja naye. Picha ya kontra itumwe nyumbani siku ile ile ya kutia sahihi. Bila daftari lile, masaa 10 ya nyongeza ni maneno ya mudomo mbele ya maneno ya patroni, na patroni ndiye anayechunga vitabu.