Ufichaji wa mgawo, upofushaji na plasebo

Ufichaji wa mgawo, upofushaji na plasebo ni kinga tatu zinazotumika katika majaribio ya tiba ili matumaini na hofu za wahusika zisipotoshe matokeo. Huchanganywa mara nyingi, hata na watafiti, ilhali kila moja ina hatua yake. Zinaonekana vizuri zikiwa zimetengana katika jaribio la streptomaisini dhidi ya kifua kikuu, lililoendeshwa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza na kuchapishwa mwaka 1948.

Dawa hiyo, iliyogunduliwa Marekani mwaka 1943, ilikuwa haba sana Uingereza. Haikuwatosha wagonjwa wote, hivyo kuigawa kwa bahati nasibu hakukumnyima mtu kitu ambacho angekipata vinginevyo. Wagonjwa 107 wenye kifua kikuu kikali cha mapafu yote mawili waliingizwa: 55 walichomwa sindano na kupumzishwa kitandani, 52 walipumzishwa tu.

Mwanatakwimu Austin Bradford Hill alitumia namba nasibu kupanga nani aingie kundi gani. Kila kadi ya mgawo ilitiwa katika bahasha iliyofungwa, na juu ya bahasha paliandikwa jina la hospitali na namba tu. Jopo la madaktari lilimkubali mgonjwa kwanza. Bahasha ilifunguliwa baadaye, katika ofisi kuu. Utaratibu huo ndio ufichaji wa mgawo, nao hukinga dhidi ya upendeleo wa uteuzi. Kabla ya hapo wengi walipanga wagonjwa kwa kupokezana, huyu dawa, yule hapana. Daktari aliyejua kwamba zamu inayofuata ni ya dawa angeweza kumsubirisha mgonjwa mahututi na kumwingiza mwenye nafuu, au kinyume chake kwa huruma. Makundi yangetofautiana kabla sindano ya kwanza haijachomwa, na hakuna uangalifu wa baadaye ambao ungerekebisha hilo. Namba nasibu pekee hazitoshi: orodha ikibandikwa ukutani, kasoro ni ileile. Bahasha nazo huchezewa, kwa kumulikwa kwenye taa au kufunguliwa kadhaa kwa mpigo. Ndiyo maana siku hizi wengi huacha mgawo utolewe na kituo cha mbali baada ya mgonjwa kusajiliwa.

Sindano zilichomwa mara nne kwa siku, kwa miezi minne. Watafiti waliona si haki kuwachoma wengine maji matupu kwa kipindi hicho chote, kwa hiyo hapakuwa na plasebo, yaani kitu kinachofanana na dawa lakini hakina dawa ndani yake. Wauguzi na madaktari walijua nani anatibiwa, na mlango ukabaki wazi kwa upendeleo wa utoaji huduma: kundi moja kuangaliwa zaidi au kuongezewa tiba nyingine. Kwa mgonjwa mwenyewe, kujua kwamba amepewa dawa kunaweza kubadili anavyojisikia na anavyosimulia maumivu yake. Plasebo huyafunga yote mawili, mradi ifanane na dawa kwa umbo, ladha na ratiba.

Picha za eksirei zilisomwa na wataalamu watatu, kila mmoja peke yake, bila kujua picha ni ya kundi gani. Huo ni upofushaji wa wapimaji, unaokinga dhidi ya upendeleo wa upimaji, na hauhitaji plasebo. Baada ya miezi sita picha zilionyesha nafuu kubwa kwa wagonjwa 28 kati ya 55, na kwa 4 kati ya 52 wasiopewa dawa. Waliokufa walikuwa 4 dhidi ya 14. Kifo hakihitaji tafsiri ya msomaji; kivuli kwenye pafu kinaihitaji, na hapo ndipo upofushaji ulipofanya kazi kubwa zaidi.

Uzito wa kinga hiyo ulipimwa moja kwa moja nchini Kanada, katika jaribio la tiba za ugonjwa wa sklerosisi ya neva. Wagonjwa walewale walipimwa na madaktari waliojua tiba na wengine wasioijua. Kwa mujibu wa ripoti ya mwaka 1994, waliojua waliona mojawapo ya tiba ikisaidia. Wasiojua hawakuona faida yoyote.

Upofushaji unaweza pia kuvunjika njiani. Streptomaisini huathiri sikio la ndani na kuleta kizunguzungu, kwa hiyo hata sindano za maji zisingeficha siri kwa muda mrefu. Ufichaji wa mgawo hauna udhuru wa namna hiyo: unawezekana hata pale upofushaji usipowezekana, kama katika upasuaji, kwa kuwa kazi yake huisha mgonjwa anapopangwa. Ndiyo sababu msomaji wa ripoti hapaswi kutosheka na neno "upofushaji maradufu". Aulize nani hasa hakujua, na nani alishika orodha kabla ya mgonjwa kukubaliwa.