Maelezo ya bajeti (ombi la ruzuku)

Maelezo ya bajeti ni sehemu ya ombi la ruzuku inayoeleza kila kifungu cha jedwali la fedha: kwa nini kinahitajika, na kiasi chake kimepatikanaje. Jedwali huonyesha jumla, maelezo huonyesha hesabu iliyozaa jumla hiyo.

Tuseme mradi wa kupima maji ya visima umeomba shilingi 720,000 za mafuta. Kuandika "usafiri wa kwenda vijijini" hakutoshi, kwa kuwa kamati inayopitia ombi haina cha kukagua. Maelezo yanayofaa husema: safari 12, moja kila mwezi, kwa ajili ya kuchukua sampuli, kila safari kilomita 180 kwenda na kurudi, gari hutumia lita moja kwa kilomita 9, hivyo lita 240 kwa shilingi 3,000 kila lita. Mkaguzi akirudi kwenye mpango kazi lazima akute safari hizohizo 12. Akikuta 8, ataanza kutilia shaka hata vifungu vilivyo sahihi, na hapo ndipo maombi mengi mazuri huumia.

Mishahara huelezwa kwa sehemu ya muda: mratibu anayeutumikia mradi kwa robo ya muda wake hulipwa robo ya mshahara, si zaidi. Kifungu cha "mengineyo" hukatwa upesi, kwani hakina kazi inayokidai. Gharama za uendeshaji wa ofisi hufuata kiwango cha mfadhili, wala hazirudiwi kama kodi ya pango katika kifungu kingine.