Usemi wa taarifa katika habari (Meru na Embu)

Usemi wa taarifa ni namna ya kueleza maneno ya mtu bila kuyanukuu kama alivyoyatamka. Katika habari, mwandishi huondoa alama za mtajo, hutaja msemaji na kitenzi cha kuripoti kama vile alisema, aliuliza au alikana, kisha hugeuza nafsi, nyakati na vielezi vilingane na mahali alipo yeye, si alipokuwa msemaji. Kinyume chake ni usemi halisi. Nchini Kenya ugeuzaji huu hufundishwa katika sarufi ya Kiswahili ya sekondari na hutahiniwa katika karatasi ya pili ya mtihani wa kidato cha nne.

Mazingira ya Meru na Embu

Habari nyingi za eneo hili huanzia katika Kimeru, Kiembu au Kimbeere. Mkulima wa miraa kule Maua au wa muguka kule Mbeere huhojiwa kwa lugha yake, na mwandishi huandika kwa Kiswahili. Alama za mtajo humwahidi msomaji kwamba anasoma maneno yenyewe. Maneno yaliyotafsiriwa hayawezi kutimiza ahadi hiyo kikamilifu, kwa hiyo usemi wa taarifa mara nyingi huwa njia ya uaminifu zaidi. Lugha hizi pia hutofautisha, ndani ya kitenzi chenyewe, jambo lililotokea leo, la jana na la zamani. Kiswahili kina -li- moja kwa yote hayo. Mwandishi asipotaja siku, taarifa hiyo hupotea.

Mfano wa muguka

Mnamo Mei 2024, kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipiga marufuku muguka, zao ambalo hulimwa hasa Embu. Mahakama Kuu ya Embu ilisimamisha kwa muda marufuku ya Mombasa na Kilifi. Maneno yafuatayo yametungwa kwa ajili ya makala haya, kana kwamba mkulima alikuwa akizungumza na waandishi sokoni Kiritiri siku ya Jumanne wakati wa mzozo huo:

“Jana niliuza magunia mawili hapa, lakini leo gari langu limezuiwa njiani. Sijalipwa. Kesho tutakwenda Embu mjini kumwona wakili wetu. Je, serikali itatulipa hasara hii? Waandishi, andikeni haya.”

Kwa kanuni za shuleni, maneno hayo huwa hivi:

Mkulima huyo alisema kwamba siku iliyotangulia alikuwa ameuza magunia mawili hapo, lakini siku hiyo gari lake lilikuwa limezuiwa njiani. Aliongeza kuwa hakuwa amelipwa na kwamba siku iliyofuata yeye na wenzake wangekwenda Embu mjini kumwona wakili wao. Aliuliza iwapo serikali ingewalipa hasara hiyo, akawataka waandishi waandike hayo.

Nafsi

Nafsi ya kwanza na ya pili huwa ya tatu: ni- huwa a-, tu- huwa wa-, -angu huwa -ake na -etu huwa -ao. Ugumu uko katika tu-. Mkulima aliposema “tutakwenda”, huenda alikuwa na wenzake akilini, au jamaa zake, au hata waandishi waliomzunguka. “Wangekwenda” peke yake haimwambii msomaji ni nani hao. Ndiyo maana mfano umeongeza “yeye na wenzake”, na mwandishi hana budi kuuliza kwanza kabla ya kuongeza hivyo.

Hatari ya pili ni pale watu wawili wanapoangukia nafsi ya tatu umoja. “Mkulima alimwambia dereva kuwa alichelewa” haisemi nani alichelewa. Katika habari inayotaja kosa au hasara, utata huu unaweza kumbebesha lawama mtu asiyehusika. Tiba yake ni kurudia jina au cheo: “alimwambia dereva kuwa dereva huyo ndiye aliyechelewa.”

Nyakati

Kitenzi cha kuripoti kikiwa cha wakati uliopita, vitenzi vya ndani hurudi nyuma. Kauli ya -me-, kama “limezuiwa”, huwa “lilikuwa limezuiwa”. Kauli ya -na-, kama “ninalima”, huwa “alikuwa akilima”. Kauli ya -li- huwa “alikuwa ame-”, ingawa baadhi ya walimu huiacha ilivyo palipo wazi tukio gani lilitangulia. Kauli ya -ta- huwa -nge-. Mazoea ya hu- hayabadiliki: “muguka huvunwa asubuhi” hubaki hivyo hivyo, kwa kuwa ni jambo la kawaida na si tukio la siku moja.

Makosa mengi hutokea kwenye ukanushi. “Sijalipwa” ni “hakuwa amelipwa”, si “hakulipwa”. Ya kwanza inaonyesha kwamba malipo yalikuwa yakisubiriwa bado, ilhali ya pili inafunga jambo. “Sitauza” ni “hangeuza” au “asingeuza”, na maumbo yote mawili hutumika Kenya.

Amri huchukua dhamira tegemezi: “andikeni” huwa “waandike”, na kitenzi cha kuripoti hubeba uzito wake, kama aliwataka, aliwaomba au aliwaamuru. Swali hupoteza “je” na alama ya kiulizi, likaingizwa kwa “iwapo” au “kama”.

Siku na mahali

Jana huwa siku iliyotangulia, leo siku hiyo, kesho siku iliyofuata. Hapa huwa hapo, na hii huwa hiyo. Hapo ndipo darasa na chumba cha habari hutengana. Mtahini anataka “siku iliyofuata”, lakini msomaji wa gazeti anataka siku yenyewe. Mhariri angeandika hivi:

Mkulima huyo alisema Jumanne kwamba aliuza magunia mawili Kiritiri Jumatatu, lakini gari lake lilizuiwa njiani Jumanne hiyo na hajalipwa. Yeye na wenzake watakwenda Embu mjini Jumatano kumwona wakili wao.

Hapa -ta- imebaki kwa sababu safari bado haijafika wakati habari inaandikwa. Kuna sababu nyingine: nje ya mtihani, “wangekwenda” inaweza kusomwa kana kwamba kuna sharti au kizuizi, yaani wangekwenda kama si jambo fulani. Mwanafunzi anayeiga gazeti huweza kupoteza alama, na mwandishi anayeshika kanuni ya darasani huweza kuzua shaka isiyokuwapo. Vivyo hivyo, “hajalipwa” inafaa tu ikiwa hali haijabadilika gazeti linapochapishwa, na ni lazima mwandishi ahakikishe.

Mipaka na uhakiki

Kosa la kawaida la waandishi wapya ni kuchanganya mifumo miwili: alisema kuwa “gari langu limezuiwa.” Baada ya “kuwa”, msomaji hutarajia nafsi ya mwandishi, na “langu” inalifanya gari kuwa la mwandishi. Ama iondolewe “kuwa” na kuwekwa koma, ama nafsi igeuzwe na alama zitoke.

Maneno yenye uzito wa kisheria, kama amri ya mahakama au tuhuma, hufaa kunukuliwa yalivyo panapokuwa na hati. Kitenzi cha kuripoti nacho hakipaswi kuhukumu: “alikiri” humfanya msemaji mwenye hatia, “alidai” hutia shaka, “alisema” haiegemei upande.

Njia rahisi ya kuhakiki ni kuirudisha taarifa katika usemi halisi bila kutazama daftari, kisha kulinganisha na rekodi. Ikiwa kauli iliyorudi inamtaja mtu mwingine, siku nyingine au ahadi nzito kuliko ya msemaji, kosa liko kwenye neno lile lililotofautiana.