Nukta ya Kijani: Jinsi Wajerumani Walivyojifunza Kupanga Ada ya Vifungashio

Unaponunua chupa ya mafuta ya kupikia, hulipii mafuta peke yake, bali na chupa pia. Mafuta yakiisha, chupa hubaki. Nani agharamie safari yake ya mwisho? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa moja: manispaa, kwa fedha za wakazi. Ujerumani ilibadilisha jibu hilo mwaka 1991, na historia yake yafaa kusomwa kwa makini, kwa kuwa ugumu haukuwa katika kutunga sheria tu, bali pia katika kupanga ada.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, majaa ya taka ya Ujerumani Magharibi yalikuwa yakijaa. Waziri wa Mazingira, Klaus Töpfer, alitoa kanuni ya vifungashio mnamo Juni 1991. Kanuni hiyo iliwataka wenye viwanda na wenye maduka wavipokee vifungashio vilivyokwisha kutumika. Hata hivyo, iliwaachia njia ya pili: wangesamehewa kuvipokea dukani iwapo wangejiunga na mfumo wa pamoja wa kuvikusanya majumbani. Kampuni zilikuwa zimekwisha kuunda chombo cha kazi hiyo mwaka 1990, kikiitwa Duales System Deutschland. Aliyelipa ada aliruhusiwa kuchapa alama ya Nukta ya Kijani kwenye kifungashio chake. Zingatia, msomaji: alama hiyo haikuwa na maana kwamba kifungashio kinaweza kurejelezwa. Maana yake ilikuwa kwamba ada imelipwa.

Mwanzoni ada ilipangwa kwa ujazo. Chupa ya lita moja ilitozwa kiasi kilekile, iwe ya kioo au ya plastiki. Hesabu ilikuwa nyepesi, lakini haikulingana na gharama. Kioo huyeyushwa kikawa kioo tena bila taabu kubwa, ilhali plastiki za aina mbalimbali lazima zichambuliwe, zioshwe na kutenganishwa. Wananchi walizikusanya kwa bidii kuliko ilivyotarajiwa, na viwanda vya kuzirejeleza havikutosha. Tena, kampuni nyingi zilichapa Nukta ya Kijani bila kulipa ada yote iliyowapasa. Kufikia mwaka 1993 mfumo ulikuwa karibu kufilisika, na plastiki iliyozidi ilipelekwa ng'ambo. Nchi jirani zililalamika kwamba taka hizo za bei ya chini zilikuwa zikiwaharibia soko wakusanyaji wao.

Ndipo, Oktoba 1993, ada ikapangwa upya kwa uzito na kwa aina ya malighafi. Kufikia Oktoba 1994, kilo moja ya kioo ilitozwa Marki 0.15, karatasi Marki 0.40, na plastiki Marki 2.95. Juu yake kulikuwa na kiasi kidogo kwa kila kipande, ambacho tukiache hapa.

Sasa tupige hesabu. Chupa ya kioo yenye gramu 300 ilitozwa Marki 0.045. Chupa ya plastiki yenye gramu 30, ingawa ni nyepesi mara kumi, ilitozwa Marki 0.0885, yaani karibu maradufu. Mwenye kiwanda akiipunguza chupa hiyo hadi gramu 20, ada hushuka hadi Marki 0.059. Kwa chupa milioni moja, ameokoa Marki 29,500. Ada iliyopangwa hivi humfikia mbunifu wa chupa kabla chupa haijatengenezwa.

Hata hivyo, mizani nayo ina upofu wake. Kipakiti cha tabaka kadhaa zilizogandamana ni chepesi mno, hivyo ada yake ni ndogo, lakini kukirejeleza ni vigumu sana. Kwa sababu hiyo, sheria mpya ya Ujerumani iliyoanza kutumika mwaka 2019 huitaka mifumo ya ukusanyaji ipange ada zinazowavutia wazalishaji kutumia vifungashio vinavyorejelezeka. Sheria hiyohiyo ilianzisha daftari la wazi liitwalo LUCID, ambamo yeyote aweza kuangalia kama mzalishaji fulani amejiandikisha. Isitoshe, mzalishaji hutoa taarifa ya uzito wa vifungashio vyake mara mbili: kwa mfumo anaoulipa na kwa mamlaka ya daftari. Takwimu hizo mbili zikipishana, mkwepaji hujulikana.

Hapa kwetu Afrika Mashariki, Kenya iliuweka wajibu wa mzalishaji katika Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022. Basi, msomaji, utakaposikia ada za vifungashio zikijadiliwa, uliza maswali matatu: Je, ada inafuata gharama halisi ya kila malighafi? Je, inamlipa nafuu mwenye kutengeneza kifungashio kinachorejelezeka? Na nani anayalinganisha madaftari?