Umelala saa saba, mbona mwili bado mzito? Kidonge kinavyopunguza usingizi wa pono na ndoto

Mjomba wangu, mzee wa miaka 67 aliyefanya kazi bandarini hadi alipostaafu, alikuwa akimeza kidonge kimoja cha diazepamu cha miligramu 5 kila usiku. Wengi wetu hapa Pwani tunakiita valiamu. Alipewa mara ya kwanza baada ya kufiwa na mkewe, vya wiki mbili tu, kisha akaendelea kujinunulia dukani, vikifungwa ndani ya bahasha ndogo ya kaki bila cheti cha daktari. Miaka mitatu ikapita.

Malalamiko yake hayakuwa kukosa usingizi. Alilala saa nne usiku na akaamshwa na adhana ya alfajiri, saa saba kamili au zaidi. Alilalamika kwamba anaamka kama aliyebeba magunia usiku kucha. Jambo jingine alilitaja kwa kupitia tu: tangu aanze dawa hajaota ndoto hata moja anayoikumbuka. Hayo mambo mawili yanatoka chungu kimoja.

Tukiutazama usingizi kwa nje tunaona mtu amefumba macho. Mtu akifungwa nyaya kichwani, karibu na macho na kidevuni, mashine inaonyesha kwamba usiku una ngazi. Kwanza ni kusinzia, yale mang'amung'amu ya dakika chache ambapo ukiitwa unaitika. Kisha unakuja usingizi mwepesi, ambao kwa mtu mzima huchukua karibu nusu ya usiku. Chini yake upo usingizi mzito, ule ambao wahenga wetu waliuita wa pono. Hapo mawimbi ya ubongo huwa makubwa na ya taratibu, moja au mawili kwa sekunde, na mtu akiamshwa kwa nguvu hajui aliko. Halafu upo usingizi wa ndoto: macho yanakimbia huku na huku chini ya kope, ubongo unafanya kazi karibu kama wa mtu aliye macho, lakini misuli ya mwili imelegezwa kabisa. Huu wa macho kukimbia ulielezwa na watafiti wa Chicago mwaka 1953.

Ngazi hizi hupandwa na kushukwa kwa mizunguko ya kama dakika 90, mara nne au tano kwa usiku. Mizunguko haifanani, na hapa ndipo penye jambo. Usingizi wa pono umejaa theluthi ya kwanza ya usiku, na wa ndoto umejaa theluthi ya mwisho. Mtu mzima mwenye afya akilala saa nne usiku huwa yuko katika pono kabla ya saa tano. Ndoto yake ya kwanza huja kama saa tano na nusu na hudumu dakika chache tu. Kuanzia saa tisa hadi alfajiri ndoto ndizo zinazotawala. Kwa saa saba za kulala, pono hupata kama saa moja na robo, na ndoto saa moja na nusu hivi. Mzee tayari pono yake imepungua kwa umri, kwa hiyo hana cha kupoteza.

Sasa kidonge kinaingia. Ubongo una kemikali iitwayo gaba, ambayo ndiyo breki yake. Diazepamu haikanyagi breki yenyewe. Inafanya kila mguso wa gaba uwe na nguvu zaidi. Ndiyo maana wasiwasi unatulia, misuli inalegea na usingizi unachukua. Lakini usingizi wa pono si ubongo uliofungiwa breki. Mawimbi yale makubwa hutokea pale chembe nyingi za ubongo zinaponyamaza kwa pamoja, kisha zikaamka kwa pamoja, mara kwa mara, kama watu wanaovuta kamba ya jarife kwa sauti moja. Dawa inavuruga mwendo huo. Mashine ikiwekwa kwa mtu aliyemeza diazepamu inaonyesha mawimbi ya taratibu yamepungua kimo na muda. Ndoto ya kwanza inachelewa kuja, na jumla ya muda wa ndoto inapungua. Nafasi iliyoachwa inajazwa na usingizi mwepesi.

Kwa hiyo mjomba alipata saa zake saba, ila zilikuwa saa za namna nyingine. Ni sawa na kuagiza pishi ya mchele ukapewa pishi ya chenga: kipimo kimetimia.

Mbona basi watumiaji wengi huapa kwamba walilala vizuri? Sababu moja ni kwamba dawa hizi hudhoofisha kumbukumbu. Mtu anaweza kuamka mara tatu usiku na asubuhi asikumbuke hata moja. Mwaka 2000 watafiti wa Kanada walikusanya majaribio mengi ya dawa za jamii hii ya diazepamu. Walipolinganisha na vidonge visivyo na dawa, mashine ilionyesha watumiaji waliwahi kushikwa na usingizi kwa kama dakika 4 tu, ilhali wenyewe walidhani ni 14. Muda wa kulala uliongezeka kwa wastani wa kama saa moja. Saa moja si haba kwa mtu aliyefiwa juzi, na mimi simlaumu daktari aliyeandika vidonge vya wiki mbili. Tatizo ni bahasha za kaki zilizofuata.

Uzito wa asubuhi una chanzo cha pili, nacho hakipaswi kuchanganywa na kile cha kwanza. Diazepamu haitoki mwilini usiku ule ule. Kwa kijana wa miaka 20, nusu ya dawa huondoka katika damu kwa kama saa 20. Kwa mzee wa miaka 80 huchukua kama saa 90. Mjomba yuko katikati, karibu na mzee kuliko kijana. Alipomeza kidonge cha leo, sehemu kubwa ya kile cha jana na cha juzi bado ilikuwamo. Kwa hiyo asubuhi alikuwa na mambo mawili kwa pamoja: usingizi uliopungukiwa na pono, na breki ambayo haijaachiliwa. Mara mbili aliyumba akitawadha, na mara ya pili ukuta ndio uliomwokoa.

Namna ya kuyatenganisha hayo mawili ni kuangalia saa. Uzito wa dawa iliyobaki hukufanya usinzie, maneno yawe mazito na miguu isiwe yako, na kwa dawa fupi hupungua kadiri jua linavyopanda. Kupungukiwa na usingizi mzito kunaweza kujitokeza kama kuchoka: umeamka, macho yako wazi, lakini hujapumzika, na hali hiyo inaweza kuendelea mchana. Yupo pia mtu wa tatu, anayekoroma sana na kukatika pumzi usingizini. Huyo ugonjwa wake ni koo linaloziba, na dawa inayolegeza misuli inaweza kumzidishia. Aseme kwa daktari kabla ya kumeza chochote.

Si dawa zote zinafanana. Zolpidemu, kwa kipimo cha kawaida, haigusi usingizi mzito kwa kiasi kile cha diazepamu, ingawa ina hatari zake nyingine, ikiwemo kutembea usingizini. Piritoni, kile kidonge kidogo cha mafua na mwasho ambacho wazazi wengi wanakigeuza kuwa dawa ya kulaza, huchelewesha na kupunguza usingizi wa ndoto, na baada ya siku chache mwili unaizoea. Ama bugizi ya mitaani, hiyo ni ya jamii moja na diazepamu na ina nguvu kubwa kuliko hiyo. Anayeitafuta kwa kulala ameomba moshi akapewa moto.

Mwili huzoea pia diazepamu. Baada ya wiki chache nguvu ya kulaza inafifia, na ndiyo maana madaktari huiandika kwa wiki mbili hadi nne na si zaidi. Mtu aliyezoea huwa na njia mbili anazoziona: aongeze, au aache ghafla. Zote mbili zina shimo, na la kuacha ghafla ndilo lisiloeleweka majumbani kwetu.

Ubongo ulionyimwa ndoto huzidai. Dawa ikikatwa usiku mmoja, ndoto hurudi kwa wingi na kwa ukali: jinamizi, kuweweseka, kushtuka na jasho, na kati ya ndoto hizo lepe la usingizi halipatikani. Mjomba alijaribu mwenyewe. Usiku wa tatu alipiga kelele hadi jirani wakagonga mlango. Mmoja akasema ni jini, mwingine akasema ni sihri, akatajwa na mganga wa kupelekewa. Yeye mwenyewe alikata shauri kwamba haya ndiyo maradhi yake ya zamani yamerudi, akameza kidonge, akalala. Hivyo ndivyo miaka mitatu inavyokuwa kumi. Kusoma kisomo nyumbani ni jambo jema na simkatazi mtu, lakini jinamizi linaloanza siku chache baada ya kuacha kidonge lina jina lake hospitalini. Kwa aliyetumia muda mrefu au kwa kipimo kikubwa, kuacha ghafla kunaweza hata kuleta kifafa.

Tulipompeleka kwa daktari, alimpunguzia kwa ngazi. Alimbadilishia vidonge vya miligramu 2 ili aweze kukata: miligramu 4 kwa usiku kwa majuma mawili, kisha 3, kisha 2, kisha 1, na kila ngazi ikikaa majuma mawili au zaidi iwapo usingizi umesumbuka. Hakuruhusiwa kurudi juu, ila aliruhusiwa kusimama. Ngazi ya kutoka 2 hadi 1 ndiyo iliyomtesa. Alikaa pale mwezi mzima. Chai ya jioni ilisogezwa hadi kabla ya laasiri, na usingizi wake wa mchana ukapunguzwa hadi nusu saa.

Sasa analala saa tano na nusu, wakati mwingine sita, pungufu ya alizokuwa akipata kwa kidonge. Huamka mara moja usiku na anakumbuka kwamba ameamka. Wiki ya pili baada ya kidonge cha mwisho alinipigia simu baada ya swala ya alfajiri kuniambia kwamba amemuota marehemu shangazi, amekaa barazani anachambua mchicha, na hakusema neno.